Lugha Anayoielewa

Mugisho alikamatwa kihalali. Naanza na hilo kwa sababu watu wa soko la Nyawera wamenitia midomoni mwezi mzima, na wengi wao ndio walewale waliopiga kelele za mwizi asubuhi ile.

Mimi ni Stanislas, OPJ, yaani afisa wa polisi ambaye sheria imempa kazi ya kuchunguza makosa na kuandika PV, ripoti ya kosa na mahojiano. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye meza moja, na vijana wanaotoka mafunzoni wanaletwa kwangu wajifunze. Nawaambia kila mara: bila hati ya hakimu humkamati mtu kwa sababu sura yake haikupendezi. Lazima kosa liwe la kumfunga mtu miezi sita au zaidi. Tena awe ameshikwa akilitenda, au umati unamfukuza na kumpigia kelele muda huohuo, au amekutwa na vitu vya kosa. Kama si hivyo, uwe na dalili nzito juu yake. Wakinisikiliza nafurahi, maana najipenda nikifundisha.

Siku hiyo, saa nne na dakika ishirini, Maman Virginie, muuza vitenge, alinyang'anywa mfuko wake sokoni. Akapiga kelele, na soko lote likaitika. Mtu mmoja alikuwa anakimbia kati ya mabanda, wakamfuata huyo. Agenti wetu Hervé alimshika kabla hawajamuua kwa mawe, akamleta kwangu shati limechanika. Umati ulimfukuza palepale, na wizi unafunga mtu hadi miaka mitano. Nani angesema nimekosea? Nilimpigia simu Madame Fanny, hakimu wa zamu kwenye parquet, ofisi ya mashtaka, nikamjulisha. Akaniambia nimalize PV, nimpeleke mtu mbele yake mchana.

Mtu mwenyewe alikuwa Mugisho, mbeba mizigo, kijana wa miaka kama thelathini. Hakuwa na mfuko wowote.

"Chef, miye niko naenda ku hôpital," alisema. "Bibi yangu alizaa leo kwa kupasuliwa, anatoka damu. Balipima yangu, inapatana na yake. Bananingoya."

"Bote banasema vile," nilimjibu.

Na ni kweli wanasema. Katika miaka kumi na tisa sijamwona mtu aliyeshikwa Nyawera akikimbia ambaye hakuwa na mgonjwa. Moyo wangu ulikuwa umeshaota sugu, na niliiona sugu hiyo kuwa ndiyo akili.

Nikatoa karatasi ya haki. Imepigwa chapa kwa Kifaransa, na ofisini kwetu tunaisoma ilivyo, haraka, kama padri aliyechelewa kwenye misa ya pili. Nilimsomea kwamba anashukiwa wizi, kwamba anaweza kuwajulisha jamaa zake au avoka, yaani wakili, mara moja, kwamba avoka anaweza kukaa naye wakati wa maswali, kwamba hatakaa kwetu zaidi ya saa arobaini na nane. Nikamuuliza kama ameelewa: "Vous avez compris?"

"Oui, chef."

Kila mtu hapa anaitika hivyo. Mbele ya meza yenye mhuri, ukisemeshwa Kifaransa, unaitika oui hata kama hujashika neno, kwa sababu kusema hujui ni aibu, na kumrudisha mkubwa nyuma ni utovu wa adabu. Najua hivyo. Mama yangu aliitika hivyo kwa madaktari mpaka alipofariki. Lakini nilipiga alama kwenye mstari uliokwisha kuchapwa: amejulishwa haki zake katika lugha anayoielewa. Palipoulizwa kama anataka jamaa wajulishwe, hakusema kitu, nikaandika hapana. Akatia sahihi.

Tulimvua mkanda, tukachukua simu yake, nikaifungia kwenye droo. Ililia mara nne kabla ya saa sita. Mara ya tatu niliifungua droo nione jina: Beau-père, yaani baba mkwe. Nikaifunga. Nilikuwa naandika maelezo ya Maman Virginie, naye alikuwa anakiri kwamba yeye alimwona mwizi mgongo tu.

Saa nane Thierry, mwendesha moto, yaani pikipiki, wa kituo cha pale juu, alituletea mtu mwingine pamoja na mfuko wenyewe, na vitenge viwili ndani. Dalili zote juu ya Mugisho zikaanguka. Madame Fanny aliniamuru kwa simu nimwachilie, akaniuliza kama mtu huyo alijulishwa haki zake.

"Ndiyo, Madame," nikasema.

Nilimrudishia simu yake. Aliitazama, akapiga palepale mbele ya meza yangu. Alisikiliza tu, kisha akakaa chini kwenye saruji. Mapendo, mke wake, alikuwa amekufa saa saba. Mtoto alikuwa hai.

Nikajiambia mimi si daktari. Nilijiambia hivyo siku tano.

Siku ya sita Mugisho alirudi, akasimama mlangoni mpaka nilipomwita. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha.

"Papa OPJ, ba beau-père banasema nilijificha, nilikataa kutoa damu," alisema. "Balinifukuza ku matanga. Mutoto banamushika, banasema sina haki naye. Nilibaambia nilikuwa mu kasho ya polisi. Banauliza, sasa mbona hukuita hata mutu moya? Ndugu yangu Jean-de-Dieu iko hapa Kadutu tu, damu yetu ni moya. Angefika hospitali kwa miguu, atoe damu. Nataka karatasi yenye kuonyesha sikuwa na ruhusa ya kuita."

Nilitoa nakala ya PV. Nilimsomea kwa Kiswahili, polepole, mstari baada ya mstari. Kwa karatasi ile, Mugisho aliambiwa kila kitu na hakutaka kumjulisha mtu. Ningempa, ningekuwa nimewapa wakwe zake ushahidi.

"Basi ni miye nilikubali," alisema.

Hapo niliona haya, na haya hiyo ninayo mpaka leo. Alikuwa tayari kuubeba na huo mzigo.

"Hapana. We hukukubali kitu. Ni miye sikukuambia."

Ningeweza kumwandikia barua, lakini wangesema ameinunua. Nikavaa kofia, tukapanda pamoja hadi Kadutu, kwenye matanga. Njiani nilijua neno langu litafika kwa Madame Fanny, na kwamba afisa aliyeandika uongo kwenye PV naye anaandikiwa ya kwake. Nilitamani kilima kiwe kirefu zaidi.

Beau-père, Papa Nathanaël, alikuwa kwenye benchi ndefu na wazee wengine. Mke wake alikaa kwenye mkeka, mtoto amefungwa kifuani. Nilisimama mbele yao na magwanda yangu, nikasema yote kwa Kiswahili: kwamba mkwe wao alikuwa anakimbilia hospitali, kwamba nilimweka ndani, kwamba alikuwa na haki ya kuwaita na nilimwambia kwa maneno asiyoyajua, kwamba kilichoandikwa si kweli na niliyeandika ni mimi.

Papa Nathanaël aliniinulia uso.

"Nilikuwa napiga ile téléphone," alisema. "We ulikuwa unaisikia?"

"Nilikuwa naisikia, Papa."

"Na ulijua ni miye?"

"Niliona jina."

Hakuna aliyenitukana. Mama mkwe alifungua kitenge, akamtoa mtoto, akampa Mugisho. Wazee wakasogea kwenye benchi, wakampa nafasi akae. Mimi nilibaki nimesimama, na hakuna aliyenitazama tena.