Mbegu Iitwayo Sikitu

Mfa maji haachi kutapatapa, na Ritha maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mumewe Melkiori alishafariki. Shamba la Katindiuka walilolima wote tangu ndoa lilikuwa la ukoo wa mume, na misimu miwili mfululizo mafuriko yalilifunika likabaki matope na mabua. Shemeji yake Fulgensi hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Ila alikuwa amepata mtu wa kulikodi, na alitaka jibu.

"Shemeji, shamba haliwezi kuuguzwa kama mgonjwa," alimwambia. "Ukoo utakaa Jumapili baada ya misa. Ukija na mpango unaoeleweka, utalima. Ukija na machozi tu, tunalikodisha."

Mpango! Mwanamke anayekaanga vitumbua pale mtaa wa Viwanja Sitini tangu alfajiri, mpango atautoa wapi? Lakini Ritha alikuwa na simu, na kwenye simu alikuwa na ile akili mnemba ambayo siku hizi kila mtu anaiuliza, kuanzia dawa ya kuku hadi hotuba ya harusi. Mchana wateja walipopungua, akajipangusa mafuta mikononi, akaandika: nina shamba bondeni, maji huja kabla sijavuna, nitengenezee jedwali la kulinganisha mbegu tatu za mpunga, SARO 5, Supa na Sikitu. Nionyeshe inakomaa lini, urefu wake, inavumiliaje maji na bei yake sokoni. Kisha, kwa kuwa tumbo lake ndilo lililokuwa likifikiri, akaongeza: na kama unga wake unafaa kwa vitumbua.

Jibu halikuchelewa. Jedwali likaja limenyooka, mistari mitatu, kila kisanduku kimejaa. Na mstari wa Sikitu, jamani, ulikuwa neema tupu: inakomaa mapema kuliko zote, bua gumu, inavumilia mafuriko vizuri sana, vitumbua vinaumuka.

Ritha akashusha pumzi. Sikitu alikuwa nayo. Nusu gunia lilikuwa uvunguni mwa kitanda, Melkiori alilileta kutoka Mang'ula mwaka aliofariki, na lilikuwa halijawahi kupandwa. Akaona kama marehemu amemwachia ufunguo.

Sasa, Ritha hakuwa mjinga. Chini ya jedwali palikuwa na maneno madogo kwamba huenda kuna makosa, hakikisha taarifa muhimu. Akalinakili jedwali kwenye karatasi, akaazimia kuwa kila kisanduku atakipigia tiki baada ya kupata mtu wa kukithibitisha. Ila alianza kwa kosa ambalo mtu wa jumuiya ndogondogo za kanisani ndiye hulifanya: sisi bila kushirikishana hatulali. Akapiga picha ya jedwali, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yao, akaandika, "Wapendwa, nisaidieni kuhakiki." Wakamjibu kwa mikono iliyokunjwa kusali na "Amina", basi. Hakuna aliyehakiki chochote.

Akaenda kwa bwana shamba, Remigius, kijana mpole anayehudumia kata mbili kwa pikipiki moja mbovu. Baada ya salamu Ritha akataja mbegu zake. SARO na Supa Remigius alizieleza bila kusita. Kwenye Sikitu akasita kidogo, akafungua simu, akaisogeza karibu na macho.

"Sikitu hii hapa. Inakomaa mapema, inavumilia mafuriko vizuri sana. Nimeipata kwenye kundi letu la maafisa ugani."

Tiki. Ritha akatoka pale miguu myepesi. Njiani akakutana na Amedeus, jirani yake wa shamba, akamuuliza naye. "Sikitu? Mbona inasifiwa kila mahali!" Tiki nyingine. Siku hiyohiyo akampelekea Fulgensi habari, na Fulgensi akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Shemeji, huu sasa ndio utafiti. Ukija na hili Jumapili, mimi nitakuwa upande wako."

Ungemwona Ritha usiku ule! Alilala usingizi ambao tangu mazishi hakuwahi kuulala.

Kilichobaki ni kisanduku cha bei tu, na kwa hicho akaenda kwa Digna, mwenye duka la pembejeo. Digna alikuwa akihangaika na wateja.

"Dada Ritha, na wewe Sikitu? Watu wananiua! Nimeshaagiza, kuna mtu kaahidi kuniletea wiki ijayo. Soma sifa zake hapo ukutani, nimezichapisha."

Ritha akausogelea ukuta. Lilikuwa jedwali zuri, limechapwa kwa wino wa rangi. SARO 5, Supa, Sikitu. Inakomaa lini. Urefu. Maji. Bei. Akafika safu ya mwisho, akarudi kuisoma upya. Safu ya mwisho ilisema: unga wake kwa vitumbua.

Mtaalamu gani duniani anayepima mbegu kwa vitumbua? Lilikuwa lake. Lile lile. Lilitoka kwenye jumuiya bila yale maneno yake ya kuomba msaada, likapita huku na kule, likaingia kwa maafisa ugani, likamfikia Amedeus, likapanda ukutani kwa Digna, na kila alipobisha hodi kuulizia ukweli, aliyefungua mlango alikuwa yeye mwenyewe. Zile tiki zote za Sikitu alikuwa amejipigia mwenyewe. Aliona aibu, aliona hofu, na kwa namna fulani alitaka kucheka.

Pale pale barazani akaiuliza akili mnemba swali moja tu, bila jedwali: unaifahamu mbegu ya mpunga inayoitwa Sikitu, na taarifa zake ulizitoa wapi? Ikamjibu kwa adabu kama padri: samahani, sina taarifa za uhakika kuhusu mbegu ya jina hilo, inawezekana ni jina la kienyeji, tafadhali wasiliana na wataalamu wa eneo lako.

"Ala!" Ritha akaiambia simu. "Na wewe juzi ulikuwa unajaza nini?"

Ndipo akakumbuka na ukweli wenyewe. Sikitu halikuwa jina la mbegu. Sikitu ni mama mmoja wa Mang'ula aliyemuuzia Melkiori ule mpunga, na nyumbani wakazoea kusema "ule wa Sikitu", mwisho wakabaki na "Sikitu" tu. Jina lisilojulikana nje ya chumba chao cha kulala sasa bonde zima lilikuwa likilipangia foleni.

Safari hii akaenda mahali ambapo kabla ya kuuliza lolote jingine aliuliza kwanza: je, mmeliona jedwali hili? Kwenye kituo cha utafiti wa mpunga alipokewa na mtafiti mmoja, Ursula. Hakuwa ameliona. Walipitia kisanduku kimoja kimoja, Ursula akifungua matokeo ya majaribio yao kila alipoulizwa. SARO, miezi kama minne: sawa. Supa, inachelewa zaidi, ndefu, yenye harufu inayopendwa sokoni: sawa. SARO kuvumilia mafuriko?

"Hapana, hapo ukate," Ursula alisema. "SARO ni fupi. Maji yakiifunika siku nyingi, imekufa. Supa angalau ina kimo, ingawa nayo upepo huilaza."

"Na Sikitu?"

"Sijawahi kuisikia. Sitakudanganya, mama. Loweka punje chache, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uone kama zinaota hata."

Akafanya hivyo. Ilipofika Jumamosi alifungua kitambaa, akakuta vichipukizi vya kuhesabu na harufu ya kuoza. Akakaa kitandani juu ya lile gunia, akalia. Aende Jumapili aseme kweli? Jedwali ndilo lililompa shamba, akilibomoa, amejibomolea. Anyamaze? Basi atapanda mbegu iliyooza, na majirani watanunua kwa Digna kitu kisichokuwepo, wapande, wazame naye. Huku moto, huku maji. Na hapakuwa na mlango wa tatu.

Jumapili ukoo ukakaa. Shangazi Leticia, dada wa baba mkwe, ndiye aliyeongoza kikao, na Fulgensi akasimama na nakala yake ya jedwali mkononi kama mwalimu mkuu. Akalisifu. Akamsifu Ritha. Watu wakapiga makofi.

"Shikamoo Shangazi, shikamooni wote," Ritha akasema. "Naomba mlichane hilo jedwali."

Akawaeleza yote, hadi uvunguni mwa kitanda. Fulgensi akakunja uso.

"Shemeji, bwana shamba mwenyewe amelithibitisha! Unaanza kutapatapa kwa sababu gani?"

"Haya, shemeji. Shika simu uandike mwenyewe. Omba jedwali la mbegu tatu: SARO 5, Supa, na Fulgensi."

Watu wakaguna. Fulgensi, ambaye hakupenda kuonekana mwoga, akaandika. Wakasubiri kidogo tu. Kisha Shangazi Leticia akampokonya simu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Fulgensi. Inakomaa mapema. Bua lake ni fupi na imara. Inastahimili mafuriko vizuri. Harufu: nzuri sana."

Weee! Kikao kikaangua kicheko hadi kuku wakatawanyika. Mmoja akamwinamia Fulgensi kumnusa. Fulgensi alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka hadi akajifuta machozi.

Shangazi alipomaliza kucheka, akamgeukia Ritha, na macho yake hayakuwa na mzaha tena. "Sawa. Umelibomoa. Una nini sasa?"

Ritha akatoa karatasi yake. Mstari wa Sikitu ulikuwa umekatwa wote. SARO juu, mahali maji hayakai. Supa bondeni. Kwenye kisanduku kimoja, kile cha kama maji ya mwaka huu yatafika kabla ya mavuno, hapakuwa na kitu.

"Hiki mbona kitupu?"

"Hakuna anayejua, Shangazi. Na mimi sijui."

Shangazi akamrudishia karatasi. "Alime," akasema. "Msimu mmoja. Kati ya mliosema leo, huyu ndiye pekee niliyemsikia akisema hajui."

Ritha akaenda nyumbani bila furaha kamili, maana msimu mmoja ni msimu mmoja, na mto hauna ukoo. Jioni akakaa kuandika kwenye kundi la jumuiya kwamba lile jedwali lifutwe, Sikitu si mbegu, tafadhali wajulisheni wote mliowatumia. Wakamjibu "Amina". Akawa anawaza kesho aanzie kwa nani kwa miguu, Amedeus au bwana shamba, simu ikaita. Alikuwa Digna.

"Dada Ritha, samahani kwa usumbufu. Hiyo Sikitu nimesikia basi tena. Lakini kuna jedwali jipya limefika kwenye kundi letu la wafanyabiashara, eti shemeji yako kalituma tucheke, sijui tucheke nini. Wateja wameshaanza kuniulizia." Akashusha sauti, kama mtu anayetaka kuwahi kabla ya wenzake. "Hii mbegu ya Fulgensi, naipata wapi?"