Mwezi Uliosema Mvua Zaidi

"Mama Benita, acha wasiwasi!" Gérard alimwita mkewe Pascaline, jedwali la mvua mkononi. "Septemba: jumla milimita 131. Wastani wa Septemba tisa tulizopima ni 104. Ndiyo maana niliutia mwezi huu alama ya 'mvua zaidi'."

Pascaline alikuwa amechuchumaa shambani. "Papa Benita, karatasi yako iko na maji kuliko udongo."

Kwa kuamini alama ile, mwanzoni mwa Oktoba walikuwa wamepanda karanga zote za mbegu. Nyumbani halikuwa limebaki hata kopo moja.

"Jumla niliisikia," Pascaline alisema. "Nisomee siku moja moja."

Gérard alisoma, sauti ikashuka. Milimita 96 zilianguka alasiri moja, ile iliyobomoa daraja la mto Wamaza, zikakimbilia mtoni. Siku zingine zote ziligawana 35.

Alitazama kipimo cha mvua juu ya nguzo. Vumbi tupu. Aliandika sifuri chini ya sifuri za Oktoba.

"Tuzichimbue karanga, mume wangu, kabla mchwa hawajazila."

Pascaline alifukua karanga ya kwanza. Ilikuwa na tundu. Ya pili pia.