Vijisanduku Tisa vya Mama Katee

Florence, jirani yetu hapa Kitengela, anasema siku ile Mama Katee alifukuzwa mbele ya kamera, akashika mwiko, akamkimbiza mpiga picha mpaka barabara ya Namanga. Anasema aliona kwa macho yake. Siku ile Florence alikuwa Ngong kwa dada yake, lakini watu wanapenda vile anavyosimulia, na mimi simkatizi. Neno moja tu ndilo la kweli: walitaka kumtoa.

Mama Katee ndiye aliyenifundisha kushona vikapu vya joto nilipomaliza darasa la nane. Unachukua kiondo kikubwa, unakijaza nguo kuukuu pande zote, unaacha shimo la sufuria katikati, kisha unashona mto wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa yakichemka nusu saa kwa jiko, unayatia humo, unafunga, unaenda zako. Baada ya saa nne yameiva, na kuni hujaongeza.

Mwaka wa 2004 kiharusi kilimshika. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakawa yanakuja moja moja. Akili yake haikuguswa, lakini akiongea, mkono unasimama. Mkono ukienda, maneno yanapotea.

Mwaka uliofuata akaja Rebecca, kutoka ofisi moja ya Kajiado inayoshughulikia vikundi vya akina mama. Alitaka kanda fupi ya kuonyesha hivyo vikapu, wabebe televisheni na jenereta wakaionyeshe vijijini kuanzia Bisil mpaka Oltepesi. Akamleta Odero, ambaye sote tulimjua kwa kupiga video za harusi.

Jumatatu Odero alitega kamera akasema, "Mama, pika huku ukitueleza. Usituangalie."

Mama Katee akashika kifuniko. Akasema, "Maharagwe yakisha..." Mkono ukasimama. Akausukuma mkono, na neno likampotea. Walirudia mara sita. Mara ya saba alikaa kwa stuli akaangalia tu sufuria.

Rebecca alinivuta kando. Si mtu mbaya. "Mutheu, pale ofisini niko na Jane. Anaongea vizuri. Mama atakaa karibu naye, watu wamwone. Alhamisi tutarudi tumalize."

Mama Katee alisikia. Alirudi kwenye mto aliokuwa akishona, na nikaona sindano ikiingia tundu lile lile mara tatu.

Jioni nilimfuata Odero kwa duka lake. Nilimuuliza kama ni lazima mtu aongee moja kwa moja mpaka mwisho.

"Harusi ndiyo haingoji," akasema. "Hii inaweza kungoja. Mimi ndiye nilikuwa na haraka." Akachukua karatasi akachora mraba. "Unaona? Hii ni picha moja. Ndani yake mtu anafanya kitu kimoja. Chini yake unaandika sentensi moja. Tunapiga hiyo, tunazima kamera, tunapumzika, tunaenda kwa ingine. Tena hii kanda itawekwa sauti ya Kimaa baadaye, Wamaasai wa huko waielewe. Ukijaza mambo matatu kwa picha moja, anayetafsiri atakuwa bado anasema kifuniko na mama ameshafunga mto."

"Na mtu akichukua muda mrefu kati ya picha na picha?"

"Nani atajua? Nitakata, niunganishe."

Nilichora kwa mgongo wa kalenda ya zamani, nikakata vijisanduku kimoja kimoja ili tuvipange ukutani. Saba. Odero alipopita Jumatano akavisoma huku amekunja mikono. Kwa cha nne akasimama.

"Hapa anafunika sufuria, anaiinua, anaiweka kwa kikapu, anafunga mto. Dada, hiki si kisanduku, hii ni matatu ya Nairobi. Umepakia wote."

"Lakini ndivyo inavyofanywa. Ukikawia, joto linatoka."

"Jikoni, sawa. Hapa wapange kila mtu na kiti chake."

Nikakata cha nne kuwa vitatu. Vikawa tisa. Kufunika: *Funika vizuri.* Kuweka: *Iweke kikapuni ikiwa bado inachemka.* Kufunga: *Funga mto, usichungulie.* Mama Katee alivipita vyote ukutani, akigusa kila kimoja kwa kidole cha kushoto na kusema sentensi yake. Kwa sentensi moja maneno hayakumpotea. Alipofika cha tisa akarudi cha kwanza, akaanza tena.

"Unachora sura yangu kama ya mbuzi," akaniambia.

"Pua ndiyo ilinishinda, Mama."

Alhamisi niliamka saa kumi na moja. Nilijua kitu ambacho hakikuwa kwa vijisanduku: picha zikirudiwa, sufuria itakuwa inafunuliwa na kufunuliwa, na watu wote hawa watataka kula. Nikachemsha maharagwe nusu saa. Saa kumi na mbili nikayatia kwa kikapu cha zamani cha Mama Katee, nikafunga.

Rebecca alipofika alikuwa ameshamwambia Jane ajiandae. "Takwenya," akamsalimia Mama Katee kwa Kimaa.

"Iko," Mama akaitikia kwa Kimaa hicho hicho, akaenda kusimama mahali pake bila kuambiwa.

Cha kwanza kikapita kwa mara moja. Cha pili, mara mbili. Kwa kuinua sufuria, mkono wa kulia ulikuwa chini kuliko wa kushoto, na nilitaka kukimbia nimshike. Odero akanyoosha kidole nisisogee. Sufuria ikaingia. Akapumua, ndipo akasema, "Iweke kikapuni ikiwa bado inachemka." Sentensi moja, nzima.

Rebecca alishusha simu aliyokuwa amekwisha kuishika ampigie Jane.

Shida ilikuja kwa cha nane, kufungua. Tulikuwa tumefunga na kufungua mto mara tano. Mama Katee alipoondoa kifuniko, hakuna mvuke uliotoka. Maharagwe yalikaa kama changarawe.

"Hii haiwezi kuonyeshwa," Rebecca akasema polepole. "Watasema tunawadanganya."

Nikaenda ndani nikaleta kikapu cha zamani.

"Hiki ni cha saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa kumi na mbili. Hakijafunguliwa."

Alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano kasoro. "Basi ni kweli yamekaa karibu saa tano."

"Picha ndizo zitachanganya vikapu viwili," Odero akasema. "Maharagwe hayajadanganya mtu."

Mama Katee akafungua. Mvuke ulimpanda usoni mpaka akafumba macho. Akabonyeza haragwe moja kwa kidole, likapasuka. Akangoja. "Yameiva," akasema, "na moto ulizimwa asubuhi."

Sentensi niliyoandika ilikuwa *Yameiva* peke yake. Odero hakusimamisha kamera.

Tulikula hayo hayo maharagwe, sote. Baadaye Odero akafungua kioo kidogo cha kamera akamwonyesha Mama Katee picha zake. Aliangalia mpaka mwisho, midomo yake ikisogea pamoja na ile ya kiooni.

"Rebecca," akasema. Akangoja maneno yafike, na hakuna aliyemsaidia kuyatafuta. "Mkiweka Kimaa... sauti yangu msiifute. Iacheni chini kidogo. Isikike."

Rebecca alikuwa ameshika kijiko. Alimwangalia Odero, Odero akaangalia vifungo vya kamera. Kisha Rebecca akamwomba arudishe kanda nyuma, kwa kisanduku cha tano, aisikie tena ile sauti, na kwa kioo kile kidogo sufuria ikaanza tena kuinuka.