Masaa Matatu ya Sista Filister

Nina mdomo, na sikatai. Mke wangu Mourine husema Mungu aliponiumba alimaliza mdomo kwanza, akachoka, masikio akayabandika tu. Nilikuwa nadhani ananitania.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za kliniki za uzazi za Madam Sainab. Ofisi yetu iko Homa Bay, kliniki kubwa iko Migori. Hapo Migori ndipo sista Filister alipomzalisha Mourine. Mtoto alikuja kitovu kimemzunguka shingo, sista akamtoa salama, nasi tukampa mtoto jina lake, kama wengi kwetu wanavyofanya. Kwa hivyo nyumbani kwangu kuna Filister mdogo, wa nasari, anayejua kwamba Migori kuna Filister mkubwa aliyemtoa tumboni.

Sasa, juzi akaja mama mmoja kutoka Macalder, anaitwa Susana. Mtoto wake alizaliwa amechoka, hakulia, akakimbizwa hospitali kubwa na hadi sasa yuko kwa oksijeni. Familia ikauliza jambo la haki kabisa: sista alikuwa anasikiliza moyo wa mtoto, ama alikuwa anakaa tu? Madam akaniambia nitoe rekodi.

Kila kipimo cha moyo kina saa za aina mbili kwenye mfumo wetu. Ya kwanza anaandika sista mwenyewe kwenye tableti: nimesikiliza saa fulani. Ya pili haandiki mtu, hifadhidata yenyewe ndiyo inagonga muhuri wakati rekodi inaingia. Muhuri huo niliuweka mimi, niwanase wavivu wanaojaza mambo baadaye, na nilijivunia sana.

Nikatoa rekodi za Susana. Sista kaandika amesikiliza moyo saa nane mchana. Muhuri unasema rekodi iliingia saa tano na dakika nne asubuhi. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile, zote zimeingia kabla ya kipimo chenyewe. Yaani mtu ameandika mapigo ya moyo ambayo hajayasikia. Damu ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

Jumatano tukaketi Homa Bay: Madam, Bwana Angwenyi anayesimamia Migori, sista Filister na mimi. Nikaonyesha karatasi zangu. Madam, ambaye ni mtu mpole, akasema labda sista alichanganya saa za Kiswahili na za Kizungu.

Nikacheka. "Hiyo ingekuwa masaa sita, Madam. Hapa tunaongea matatu."

Matatu. Niliyatamka kwa mdomo wangu huu, na sikujisikia.

Sista alikuwa ananitazama mimi, hatazami karatasi. "Javan, una hakika?"

"Kompyuta haina sababu ya kudanganya, sista. Binadamu ndiye anazo."

Sista akasimamishwa kazi hapo hapo, na ikakubaliwa kwamba Jumatatu barua itapelekwa kwa wanaotoa leseni za wauguzi. Jioni nikamsimulia Mourine mezani, bado nimewaka, nikasema Filister ni mwongo wa kupindukia. Binti yangu akaacha kula. "Mimi sijadanganya, Baba." Mourine akamwambia si wewe, mama, kula.

Ijumaa, tableti ya kliniki ya Kendu Bay ikakwama. Wakanipigia simu, wakanisomea rekodi moja niwaingizie mwenyewe. Ilikuwa saa tano asubuhi, chai iko mkononi. Nikaingiza, kisha nikaifungua kwenye dirisha langu la ripoti kuhakikisha imekaa. Muhuri ukasema imeingia saa mbili.

Nilikuwa nimeiingiza sasa hivi.

Nikaweka kikombe chini. Nilijua, wala sikuhitaji kutafuta kosa liko wapi. Kwenye MySQL, programu inayoendesha hifadhidata yetu, safu ya aina ya DATETIME inahifadhi ulichoandika na kukurudishia hicho hicho, hata uulize ukiwa wapi. Saa ya sista iko hivyo. Muhuri wangu ni TIMESTAMP. Huo unageuzwa kuwa saa ya UTC, saa ya kimataifa, unapohifadhiwa, halafu kila anayeuliza anageuziwa kufuata ukanda wa saa wa muunganisho wake. Zamani hifadhidata ilikaa kwenye mashine ya hapa ofisini, iliyosetiwa saa za Kenya, kwa hivyo sikuwa na la kuwaza. Mwezi uliopita nikaihamishia kwa seva ya kukodi ng'ambo, inayotembea na UTC, masaa matatu nyuma yetu. Programu ya masista niliiwekea saa za Kenya kwenye kila muunganisho. Dirisha langu la ripoti nikalisahau.

Mihuri ya sista ilikuwa imeingia sawasawa. Mimi ndiye nilikuwa naisoma kwa saa za ng'ambo, huku saa alizoandika kwa mkono zikibaki za Kenya.

Nikaandika amri ya kuweka saa za Kenya, SET time_zone = '+03:00'; nikarudia swali lile lile. Kwenye jedwali sikugusa kitu. Saa alizoandika sista hazikusogea. Mihuri ndiyo ikaruka: saa nane, na muhuri wa saa nane na dakika nne. Mstari kwa mstari, anasikiliza, anaandika. Kisha nikaona kile ambacho mtu yeyote mwenye macho angekiona Jumatano. Fomu ya Susana inasema alifika kliniki saa saba. Kwa ripoti yangu, sista alianza kumwandika kabla hajafika langoni.

Niwe mkweli, shetani alinijia. Ningerekebisha mpangilio, nitume ripoti mpya, niseme kulikuwa na hitilafu ya mitambo. Nani angejua? Nilikaa na wazo hilo hadi chai ikapoa, na aibu yake ikanishinda. Nikampigia Madam, nikamwambia yote, nikamwomba nimwandikie sista barua pepe ya kuomba radhi.

"Ulimsema kwa mdomo," akasema Madam. "Utakwenda na huo mdomo."

Jumamosi nilikuwa Migori wakati masista wanabadilishana zamu. Sista Filister alikuwa ameitwa, naye akaja na nguo za nyumbani, funguo za kabati la dawa ziko mkononi, akidhani ameitwa kuzirudisha. Wenzake walimpisha bila kumsalimia. Hiyo pia ilikuwa kazi yangu.

Nikafungua laptopu mbele yao wote na Bwana Angwenyi. Nikawaonyesha rekodi kwa UTC, kisha kwa saa za Kenya. Nikasema sista hakuandika uongo hata mstari mmoja, aliyekosea ni mimi, na nilikosea nikiwa nacheka. Mmoja wa masista akashika mdomo.

Sista Filister alisoma mistari yote pole pole, kidole kikifuata kioo.

"Jumatano nilikuuliza kama una hakika."

"Ndiyo, sista."

"Na leo?"

"Leo ninayo."

"Hata Jumatano ulikuwa nayo," akasema. Akatia funguo mfukoni, akaenda kutafuta koti lake jeupe. Mlangoni akageuka. "Wajina wangu hajambo?"

"Hajambo, sista," nikasema, na sikuweza kumtazama.

Nilipofika nyumbani binti yangu alinilaki langoni. Alikuwa ameambiwa nilikokwenda.

"Ulimwona Filister mkubwa?"

"Nilimwona. Amekusalimia."

"Bado ni mwongo?"

Mourine alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Akasimama, shuka mkononi, asikie.

"Hakuwa mwongo," nikasema. "Baba ndiye alisoma saa vibaya, akamsingizia."

"Alikuchapa?"

Nikamwambia hapana, ingawa njia nzima kutoka Migori nilikuwa natamani angenichapa.