Beseni la Rosemery

Siku ya kwanza nilipokuta udongo umelowa, nilidhani panya wameangusha ndoo. Nikaangalia ndoo, imejaa na imefunikwa. Nikaangalia juu, mvua haikuwa imenyesha, na hata ingenyesha, beseni lilikuwa chini ya upenu ambako matone hayafiki. Nikaingiza kidole. Udongo ulikuwa umelowa kiasi, hautiririki, hauna ukavu, kazi ya mtu anayejua anachofanya. Nilikuwa ndiyo kwanza narudi misa ya alfajiri, rozari bado imo mkononi. Nikakaa chini hapo hapo.

Beseni lile lilikuwa la mwanangu Rosemery, na Rosemery tulikuwa tumeshamzika.

Alipoanza kuugua moyo alirudi kwangu hapa Ifakara mjini ili awe karibu na hospitali. Mume wake, Deus, Msukuma mwenye ng'ombe kule Michenga, alimleta kwa bodaboda, akashusha mabegi getini na kuishia hapo. Hakukosa adabu, ndiyo adabu yenyewe. Kwao mkwe na mama mkwe hawakai mkeka mmoja wala hawatazamani usoni, na kwetu sisi tuliotoka Mahenge mambo ni hayo hayo. Tukikutana njiani yeye anapita pembeni, mimi najifunika kanga. Sitaficha kwamba desturi hiyo ilinifaa sana, maana sikuwahi kumtaka. Nilisema wazi tangu siku ya posa kwamba mtu anayeongea na ng'ombe zaidi kuliko anavyoongea na watu ataniharibia mtoto.

Siku moja Rosemery alinituma sokoni nimletee tangawizi ya chai. Nikamletea. Akazigeuzageuza, akachagua moja nono, ngozi yake haijasinyaa, ina macho yaliyoanza kuvimba.

"Hii usiikwangue, mama. Naipanda."

"Tangawizi ya dukani?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ina uhai."

Akailoweka usiku kucha, akidai nyingine hutiwa dawa ili zisichipue. Kesho yake akakata kipande chenye macho mawili, akakiweka dirishani mpaka pale kisu kilipopita pakafanya ngozi. Alisema ukikipanda kibichi kinaoza. Kisha akanipa kazi ya kutoboa beseni kwa msumari wa moto. Hapo tukagombana. Mimi nimelima mpunga Namawala miaka yote ya nguvu zangu, na kwangu maji yakitoroka jarubani ni msiba. Beseni la kutoboa ni beseni gani? Akacheka mpaka akashika kifua, nami nikatoboa haraka ili asiendelee kucheka.

Udongo aliuchanganya na mchanga na samadi kuukuu, mfuko mzima ulioachwa getini na Deus. Akakilaza kile kipande, macho yakitazama juu, akakifunika kwa udongo wa vidole viwili.

"Kazi yako wewe ni jua tu, mama. La asubuhi lipate. La mchana liepushe, litachoma majani."

"Na maji?"

"Maji usiguse. Una mkono wa majaruba wewe."

Nilidhani maji atatia mwenyewe. Akafa kabla beseni halijachipua.

Baada ya matanga nilitaka kulimwaga. Udongo mtupu wa nini? Nikaliinua, na hapo nikaona ncha moja ya kijani, nyembamba, imetoboa juu. Nililirudisha chini taratibu. Nikalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka, kwa sababu siku ile nilikuwa na wageni wa kulisha.

Ndiyo maana udongo ulipoanza kulowa wenyewe sikutafuta maelezo marefu. Siku kadhaa zinapita, udongo unakauka juu, na mimi kabla sijaamua la kufanya narudi kanisani nakuta umelowa. Masika ilipoanza na hewa ikawa nzito, ukawa unalowa mara chache zaidi. Mtu alikuwa anapima. Nani mwingine alijua kupima hivyo? Nikaacha kuogopa, nikaanza kumsalimia. Nasogeza beseni lipate jua la asubuhi upande wa mashariki, jua likipanda nalirudisha kivulini, na nampa habari za mtaa. Mashina yakawa mengi, majani marefu membamba, na ukiyapangusa harufu yake inabaki mkononi. Harufu ya chai yake.

Jirani yangu Gladness alinikuta naongea.

"Bibi, huyo hajaenda," aliniambia, na macho yake hayakuwa ya mzaha. "Umemshikilia. Ling'oe hilo, uite padri."

"Ling'oe la kwako."

"Mimi sina."

"Basi tulia."

Nikamfukuza na bakuli lake la chumvi alilokuja kuazima. Lakini maneno yake yalibaki. Nilijiuliza kama kweli nimemshikilia, na jibu lilikuwa ndiyo, na sikuwa na nia ya kumwachia.

Mvua zilipokata na watu wakaanza kuvuna mpunga, majani yakageuka njano. Kwanza ncha, halafu jani zima, halafu shina likalala. Na hapo hapo maji yakakoma. Narudi misa nakuta udongo mkavu. Kesho mkavu. Wiki ikapita, mkavu. Nililiuliza beseni nimekosa nini. Nilikumbuka kila neno kali nililomwambia mwanangu kuhusu mume wake, nikaona ndiyo sababu. Amechoka na mimi. Anakufa tena, na safari hii mbele ya macho yangu, na sina hospitali ya kumpeleka.

Nikachukua ndoo. Alisema maji nisiguse, najua, lakini mama gani anamwona mtoto anakauka akaketi? Nikamwaga asubuhi, nikamwaga jioni. Maji yalipopita haraka kwenye yale matundu niliyoyatoboa mwenyewe, nikayaziba kwa matambara. Udongo ukang'aa kama jaruba siku ya kupandikiza. Majani yakazidi kuwa njano, na kutoka chini ikaanza kupanda harufu nyingine, ya kitu kilichovunda.

Asubuhi moja sikwenda misa. Nilitaka nimwone nimwombe msamaha. Nikakaa nyuma ya mlango wa uani, nje kukiwa kunapambazuka. Kengele ya kanisa ikalia, ikanyamaza. Geti la bati la uani likasogea. Nikasikia hatua nyepesi, zikasimama kwenye beseni.

Kisha sauti ya mwanaume ikasema, chini kabisa, "Rose, nani amekuzamisha?"

Nilipiga kelele. Kitu kikaanguka, hatua zikakimbia, bati likagonga. Nilipotoka sikuona mtu, ila ndala moja katikati ya uwanja. Nje ya ukuta kulikuwa na mtu anahema, na makopo ya maziwa yaliyofungwa kwenye baiskeli yalikuwa bado yanagongana.

"Shikamoo mama," ukuta ukasema. "Ni mimi, Deus. Naomba unisamehe. Nilijua uko kanisani."

Nilijifunika kanga kichwani ingawa hakuwa ananiona. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Nusu mwaka na zaidi namsalimia mwanangu, kumbe nasalimia maji ya Deus.

"Marahaba. Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Alinipa kazi ya maji. Alisema niingize kidole, kikitoka kikavu ndiyo nitie. Nikileta maziwa mjini napita na kidumu changu cha maji."

"Na kwa nini ukaacha? Huoni anavyokufa?"

"Hafi, mama. Alisema majani yakiwa njano, tangawizi imekomaa. Niache maji, mashina yakauke, ndipo ichimbwe. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Mimi alinipa jua, mwenzangu akampa maji na mavuno. Alijua hatuongei, na nadhani alijua pia kwamba siku moja tutalazimika. Nikamwonea hasira na yeye, nikamkumbuka mpaka mbavu zikauma.

"Nimemwagia," nikasema. "Nimeziba na matundu."

"Niliona. Mama, inabidi uchimbe leo. Ukiiacha itaoza yote."

"Sichimbi."

"Mama..."

"Nikichimba atakaa wapi?"

Maneno hayo yalitoka yenyewe, na nikaona aibu kuyasema mbele ya mkwe. Nilingoja aniambie maneno ya padri, kwamba yuko mbinguni. Deus hakusema hivyo.

"Na mimi sijui," akasema. "Mimi pia huwa naongea naye hapo. Lakini sitaki aoze."

Nikapiga magoti. Nikayatoa matambara, maji meusi yakatiririka. Nikaingiza mikono miwili kwenye matope, na yeye upande wa pili wa ukuta akaniuliza ninashika nini. Nikamwambia. Pembeni imelainika, inapondeka, inanuka. "Hiyo tupa." Hapa ngumu. "Hiyo ndiyo. Usivute shina, ingia chini yake." Nikaingia chini yake. Likanyanyuka fundo zima, vidole vimebebana, ngozi ya kahawia hafifu, kubwa kuliko viganja vyangu viwili. Nilikuwa nimeiozesha kiasi cha robo. Nyingine yote ilikuwa nzima.

Nilipoisuuza nikaona katikati kipande kimoja kisichofanana na wenzake. Cheusi zaidi, kimekunjamana, lakini kigumu. Upande mmoja kilikuwa bapa, kimenyooka.

"Kuna kimoja kimekatwa kwa kisu," nikasema.

Upande wa pili makopo ya maziwa yakaacha kugongana.

"Hicho ndicho alichopanda," Deus akasema. "Aliniambia kitakuwemo. Kinazaa, na chenyewe kinabaki."

Nikakishika pale kisu chake kilipopita. Palikuwa pamefunga vizuri, kama alivyotaka.

"Nikikipanda tena?"

"Hapana. Alisema wapandwe hawa wadogo wenye macho. Hicho cha mwanzo tukinywe."

"Tukinywe, wewe na nani?"

Kwa adabu yake hakuweza kusema neno lililobaki, kwamba ni mimi.

Nikawasha jiko. Nikakikwangua, nikakitwanga chote bila kubakiza hata ukucha, nikachemsha mpaka uwanja mzima ukanuka Rosemery. Ukali wake ulinipanda puani kabla sijaonja. Nikamimina vikombe viwili. Kimoja nikakipandisha juu ya ukuta, nikageuza uso, nikasikia mkono ukikipokea. Kisha nikaegemeza mgongo wangu kwenye ukuta nikanywa cha kwangu. Kilichoma koo, kikashuka kifuani, kikatulia hapo.

Nyuma yangu nikamsikia Deus anapiga funda moja. Halafu akaanza kulia, kilio kibaya cha mwanaume asiyejua kulia, na mimi nikalia upande wangu. Kwenye matanga alikaa kwa wanaume na mimi nikakaa kwa wanawake. Hatukuwahi kumlilia pamoja.

Aliponyamaza nikamwuliza, bila kugeuka, kama nimwongezee.

"Niongezee, mama," akasema.