Herufi Moja Tu

Baba alifika studio asubuhi, bahasha kwapani, akachungulia huku na huku kama anayeficha mzigo wa magendo, kisha akaketi mbele ya meza ya binti yake.

"Mwanangu, nina kazi ndogo. Herufi moja tu."

Binti huyo, ambaye pale studio wote walimwita Jicho kwa jinsi alivyoona kasoro kabla mteja hajafungua mdomo, alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na picha nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja. Vijana kumi na mmoja wamesimama kifua mbele, bukta fupi, soksi zimepandishwa magotini. Baba yuko katikati, mwembamba kama fimbo, ameshika ubao mweusi ulioandikwa kwa chokaa: KARAKANA KUU, TIMU B.

Jicho akaisoma mara mbili. "Baba! Si ulituambia ulikuwa Timu A?"

"Punguza sauti."

"Miaka yote hii! Wajukuu wako wanakuigiza ukipiga penalti!"

"Ndiyo maana nimekuja," Baba akasema. "Mama yako anataka picha zetu za zamani zikuzwe zitundikwe ukutani, Jumamosi watu wakija kula. Hii ameiona kabatini, ila hakuwa na miwani. Na mjomba wako analeta yake ya Timu A ya kiwanda cha nguo. Unamjua shemeji yangu. Akiiona hiyo B, atanicheka mpaka anizike, na siku ya mazishi atacheka tena. Wajukuu nitawatazama vipi?"

Jicho alitaka kukataa, lakini kicheko kilimshinda, na mtu akishacheka hawezi tena kukataa kwa heshima.

Akaiskani picha, akaikuza kwenye kompyuta. Kwanza alijaribu njia ya mkato: akanakili A moja kutoka neno KARAKANA, ambalo lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo zaidi, akaivuta ilingane na ile B. Chenga za picha, zile punje ndogondogo zinazoonekana picha ya filamu inapokuzwa, zikavutika nayo. Ubao wote ulikuwa na chenga laini kama unga. Herufi ile ikawa na chenga kama mchele.

"Imeota ndui," Baba akasema.

Akaifuta. Akachora A mpya, nyeupe, safi, akailainisha kingo ili zififie kama za herufi jirani. Sasa herufi ikaonekana kama kibandiko kilichobandikwa leo asubuhi. Akaamuru kompyuta imwage chenga zake yenyewe juu yake. Ikamwaga, nyekundu na kijani, kwenye picha isiyo na rangi.

"Sasa imevaa shanga," Baba akasema.

"Baba, kanywe chai."

Baba alipotoka, Jicho alikumbuka alichofundishwa na mjomba huyohuyo, ambaye alichapisha picha katika chumba cha giza cha kusafishia filamu kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu: picha ina ngozi yake, na kila sehemu ya ngozi ina vinyweleo vyake. Chenga za mahali peusi si za mahali peupe. Basi akaifunika B kwa kipande cha ubao uleule, kilichokuwa pembeni yake, chenye chenga zake za asili. Akairudisha A, imelainishwa kingo tayari, kisha akaivisha chenga alizozichuna kwenye fulana nyeupe za wachezaji, zenye weupe sawa na chokaa. Chenga ziwe za mwisho. Ukitangulia kuziweka kisha ukalainisha kingo, unazifuta pia. Akarudi nyuma hatua tatu. Akasogea karibu. A ilikuwa imetulia ubaoni kama mwenye nyumba.

Akachapisha kubwa, akaiegemeza ukutani ikauke. Hata hajamaliza kujipongeza, mlango ukafunguliwa.

"Mpwa wangu!" Ni mjomba, bahasha kwapani, na ile lenzi yake ya kukuzia inaning'inia shingoni. "Nikuzie na mimi, ukubwa uleule wa shemeji. Lakini kwanza niione yake."

Jicho hakupata hata muda wa kusema haijakauka. Mjomba alikwisha kuinama, jicho kwenye lenzi, lenzi kwenye ubao. Akapita juu ya herufi polepole. Akaipita A. Jicho akaanza kupumua.

"Aha."

"Aha nini, Mjomba?"

"Hiki kidoa cha vumbi hapa, chenye mkia." Akaweka ukucha. "Na huyu hapa pacha wake, mkia uleule, kaegemea upande uleule. Mpwa wangu, vumbi halizai mapacha. Umechukua kipande hapa ukafunika pale." Akasimama, meno yote nje. "Ilikuwa B! Shemeji alikuwa Timu B! Ee, Jumamosi itakuwa tamu. Nitasimama kabla ya chakula, wajukuu wote wamekaa..."

"Mjomba, tafadhali. Atafedheheka."

"Afedheheke! Nimemsikiliza akijisifu tangu alipomwoa dada yangu! Skani na yangu, nina haraka ya kwenda kufanya mazoezi ya hotuba."

Jicho, moyo umemshuka, akaiskani. Vijana wengine, bukta nyingine, ubao mwingine: KIWANDA CHA NGUO, TIMU A. Akaikuza. Akaikuza tena. Kisha akaegemea kiti taratibu, mikono kifuani.

"Mjomba, hebu lete ile lenzi."

"Ya nini?"

"Ubao wako una chenga. TIMU ina chenga. Viatu vina chenga, hata masikio yako yana chenga. Hii A yako ni laini kama sahani iliyooshwa."

Mjomba akaitazama skrini. Picha ilipokuwa ndogo kama kiganja, ule mkwaruzo wa brashi na rangi nyeupe ulikuwa umekaa salama nusu ya umri wake. Ilipokuzwa, A ilisimama peke yake, haina hata kinyweleo kimoja.

"Uliipaka mwenyewe juu ya B," Jicho akasema. "Kulekule chumba cha giza."

"Nilikuwa kijana," mjomba akasema, sauti imepungua kama redio inayoishiwa betri. "Nilikuwa namchumbia huyu mke wangu."

"Naye anajua?"

"Usiniulize mambo ya ndani."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni mjomba, na alipomaliza akavuta kiti. "Sogea. Hicho kidoa pacha kifute, ubao uchukulie chenga sehemu tatu tofauti, si moja. Kisha univishie na mimi chenga hii A yangu. Za fulana, eh, si za ubao."

"Na hotuba?"

"Hotuba gani?"

Jumamosi picha mbili zilining'inia ukutani bega kwa bega. Mjomba alizipitia kwa lenzi mbele ya wajukuu wote, akakunja uso kama hakimu, huku Baba akiloa jasho kwapani. Kisha akatangaza, "Timu A. Nathibitisha." Baba nusura ambusu.

"Nilikuwa nakushuku bure, shemeji!" mjomba akaongeza.

"Hata mimi nilikuwa nakushuku," Baba akasema, na hakujua ni kwa nini mjomba alikohoa.

Mama peke yake ndiye aliyesimama mbele ya fremu, akazigusa ubavuni. "Jicho, mbona nene hivi?"

"Kadibodi, Mama. Zisipinde."

Haikuwa uongo. Kadibodi ilikuwemo. Nyuma ya kadibodi, kila fremu ilikuwa na picha yake ya asili, ndogo kama kiganja, uso umeelekea ukutani, ikimngoja mjukuu wa kwanza atakayekuwa na udadisi na bisibisi.