Vifuniko Kumi na Saba vya Polikaripe

Maisha yangu yote nimeandika makaratasi marefu. Kampuni ya madini ilipotutoa kazini na kutulazimisha kusaini kwamba tumeondoka kwa hiari yetu, niliandika kurasa kumi na mbili nikazibandika kwenye mlango wao. Mvua ilizilowesha kabla mkubwa yeyote hajazisoma, lakini mimi bado nazikumbuka, neno kwa neno. Sikusomea kuandika. Nilijifundisha kwenye magazeti ya kufungia karanga, na hasira ndiyo iliyokuwa mwalimu wangu.

Basi fikiria asubuhi ile pale mtaani kwetu Kapata, nimeketi mezani, mke wangu Tshiela amenipangia vifuniko vya chupa kwa safu tatu: vitano, saba, vitano. Ndani ya hivyo nilitakiwa kumweka rafiki yangu Kalumba Polycarpe, tuliyefukuzwa pamoja, mzima mzima.

Ni yeye aliyetaka hivyo. Miaka yake ya mwisho alijiunga na kikundi cha haiku ambacho Tshiela anakiongoza Jumamosi pale parokiani. Haiku ni shairi dogo la Wajapani, mistari mitatu, silabi tano, saba, tano. Kila silabi, kifuniko kimoja. Polycarpe aliyapenda sana mashairi hayo. Akiwa kitandani alimwambia mkewe, Mado: "Muteba aniandikie haiku juu ya kaburi. Akiniwekea hotuba, nitaamka nimpige."

Banza fundi alikuwa makaburini tayari, anamimina sementi. Alituma ujumbe kwa simu: maneno yafike kabla ya saa sita, kisha sementi itakauka na hatachonga tena kitu.

"Haya, Tata Mignonne," Tshiela akasema. Tata kwetu ni baba; ananiita hivyo kwa jina la binti yetu wa kwanza. "Soma."

Nikasoma mstari wa kwanza: "*Walimfukuza*."

Alisukuma vifuniko kimoja kimoja kwa kidole. Vitano vikaisha na mdomo wake bado una neno.

"Sita."

"Tano! Hesabu irabu: a, i, u, u, a."

"Na hiyo *m* umeiacha wapi? Sema kama unavyosema ukiwa na hasira, si kama kitabu."

"Balimufukuza!"

"Umesikia? *Ba-li-mu-fu-ku-za.* Kitabu kimekula *u*, lakini pumzi yake imebaki. Wa-li-*m*-fu-ku-za. Pale sisi Katanga tunaposema *mu*, weka kifuniko. *Mtoto* ni mutoto: vitatu. Lakini mbuzi?"

"Mbuzi ni mbuzi."

"Kuna mutu anasema mubuzi?"

"Hapana."

"Basi *m* yake imebebwa na *bu*. Viwili tu: mbu-zi."

Hilo ndilo kosa letu watu wa huku. Kalamu inaandika Kiswahili cha shule, mdomo unasema cha nyumbani, na hesabu inaanguka katikati.

"Weka *Ulifukuzwa*," akasema. "U-li-fu-ku-zwa. Tano safi. *Zwa* ni pumzi moja."

Nikapiga meza, vifuniko vikaruka. "Na waliomfukuza wamekwenda wapi? Unaona? Silabi moja, na mtu mzima ametoroka! Hivyo ndivyo walivyoandika kwenye karatasi zao: wafanyakazi wameondolewa. Nani amewaondoa? Upepo?"

"Usinipigie meza. Haikukufukuza meza."

Nilicheka bila kutaka. Lakini sikukubali. Maneno yetu yako kama treni ya kwenda Mutshatsha: unaunganisha mabehewa, *wa*, *li*, *ku*, na kabla hujafika kwenye kitendo chenyewe reli imekwisha. Nikatafuta mafupi, nikapata.

"*Waongo wale*. Wa-o-ngo wa-le."

"Tano," akakiri Tshiela.

"*Hatutawasahau*."

Alisukuma polepole. "Ha-tu-ta-wa-sa-ha-u. *A* na *u* kila moja na chake. Saba! Neno moja, mstari mzima!" Macho yake yaling'aa, huyu mwanamke anapenda hesabu inayokubali kuliko nguo mpya.

Nilikuwa bado najisifu Mado alipoingia. Alikuja kuchukua kikombe cha mumewe. Polycarpe alipitia kwetu kila jioni kunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kikombe chake cha bati, cheupe chenye mdomo wa bluu, kilikuwa kwenye msumari karibu na mlango. Hakuna aliyekigusa tangu mazishi.

"Mama Mado, keti kwanza," nikamwambia. "Sikia: *Waongo wale, hatutawasahau*. Bado mstari mmoja."

Mado hakuketi. Alitazama vifuniko.

"Bwana yangu eko wapi humu ndani?"

"Si atakuja kwenye mstari wa tatu…"

"Vitano tu ndiyo umemubakishia? Balimutoa kazini, sasa unabaweka juu ya kaburi yake, bamulalie? Tata Muteba, bale batu hata mazishi habakukuya."

Simu ikalia: Banza, sementi inaanza kushika.

Tshiela hakunisema. Aligusa tu kifuniko cha nne katika safu ya saba. "Hapa pana *wa*. Toa hao, weka *ku*. Ha-tu-ta-*ku*-sa-ha-u. Bado saba. Kifuniko hakisogei."

Ni kweli. Miaka yote hiyo niliwabeba wale mahali ambapo rafiki yangu angetosha. Nafasi ilikuwa ileile. Lakini Mado akatikisa kichwa.

"Hiyo iko ku kila kaburi. Polycarpe angekuchekelea."

"Basi jina lake tuliweke," nikasema. "Vitatu: Po-li-karp."

"Hiyo ni ya padri! Mi nilimwitaka hivi." Mado akageukia mlango wazi akaita kama vile mumewe yuko kwa jirani anapiga soga na chakula kinapoa: "Polikaripeee!"

Mbwa wa jirani alibweka. Tshiela alikuwa amekwisha kusukuma. "Po-li-ka-ri-pe. Tano."

Mado alicheka, kisha akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Akanyoosha mkono kwenye msumari achukue kikombe aende zake, na mimi nikaona mkono huo, na mistari miwili ikaja yenyewe.

"Ngoja. *Kikombe chako*. Ki-ko-mbe cha-ko. Tano. *Kingali msumarini*…" Tshiela alikuwa amefungua mdomo, nikamzuia. "Najua, najua! Musumari. M-su-ma-ri-ni, tano. Na ki-nga-li tatu. Nane. Imezidi." Nilizungusha kifuniko. "*Kipo*. Ki-po, m-su-ma-ri-ni."

"Saba," wakasema wote wawili.

Nilimpigia Banza nikamsomea polepole, silabi kwa silabi, naye akarudia huku nikisikia chuma chake kikikwaruza sementi:

*Kikombe chako*
*kipo msumarini,*
*Polikaripe.*

"Ni hiyo tu?" Banza akauliza. "Wewe, Muteba? Na kampuni?"

"Kampuni nitaiandikia karatasi nyingine. Ndefu."

Nilipokata simu, Mado alikuwa amesimama na kikombe mkononi, hajui la kufanya nacho.

"Sasa nikikibeba," akasema, "lile kaburi litasema uongo."

"Litasema uongo, ndiyo," nikajibu. Niliogopa kwamba nimemnyang'anya kitu cha mumewe kwa ajili ya shairi.

Aliwaza kidogo. Kisha akamnyooshea Tshiela kikombe. "Basi munkoyo iko?"

Tshiela akamimina. Mado aliketi kwenye kiti cha Polycarpe, akanywa taratibu, akalalamika kwamba imezidi sukari, sawasawa na mumewe. Alipomaliza akakisuuza mwenyewe, akakitundika.

"Kesho jioni nitarudi kukiangalia," akasema.

Tshiela alikuwa anakusanya vifuniko ndani ya sahani. "Kesho jioni nitarudi," akanong'ona, vidole vinatembea mezani. "Ke-sho ji-o-ni… ni-ta-ru-di. Tisa. Tata Mignonne, tutaikata wapi?"

"Hiyo usiikate," nikamwambia.